Neno Nililoandika kwa Wino Mwekundu

Nilikuwa na miaka ishirini, mmoja wa walimu waliochukuliwa wakiwa wamemaliza darasa la saba tu ili kila mtoto apate shule. Ualimu nilijifunza huku nikifundisha. Niliogopa mkaguzi, niliogopa maswali ya wanafunzi, na nilichoogopa zaidi ni kujulikana kwamba sijui. Mkuu wa shule yetu ya kijiji, kule Nyanungu, aliponikabidhi elimu ya viungo, nilitafuta kitabu kama mgonjwa anavyotafuta dawa.

Nilikipata kabatini, hakina jalada. Kilikuwa na vipimo saba vya uwezo wa mwili. Viwili vilitaka vyuma ambavyo hatukuwa navyo, kimoja sikukielewa. Nikabaki na vinne: kuruka mbali bila kukimbia, kulala na kuinuka kwa nusu dakika, kukimbia mita kumi kwenda na kurudi, na mbio za mita mia sita. Nilivichagua kwa sababu vilihitaji kamba, chokaa na saa ya mkuu wa shule tu. Kwamba kila kipimo kinapima kitu chake, na kwamba mtu huuliza kwanza anataka kujua nini, sikuwaza.

Niliwapima darasa la sita saa sita mchana, wakitoka kupalilia shamba la shule kule bondeni. Kila mmoja alijaribu mara moja, wenzake wakimtazama. Jedwali la kitabu lilikuwa la watoto wa nchi nyingine, tena lilipangwa kwa umri. Kwa wengi wa wanafunzi wetu umri ulikuwa wa kukisia, nami nikakisia. Kisha nikagawa majina katika mafungu matatu: Hodari, Wastani, Legevu. Hilo la tatu niliandika kwa wino mwekundu, mistari imenyooka kwa rula. Nilirudia karatasi mara tatu kwa sababu ya doa. Nikaibandika mlangoni.

Wa mwisho kabisa alikuwa binti mmoja mpole, mzuri wa hesabu. Katika mbio alitembea mzunguko wa pili wote, mkono kifuani. Niliandika muda wake. Sikumuuliza kitu.

Sikufikiria kwamba mlango wa shule ulisomwa na kijiji kizima. Siku zile neno legevu halikuwa la michezo. Mikutanoni tulihimizwa kuwafichua wavivu na kupe wanaoishi kwa jasho la wenzao. Jumatatu wenzake walimpokea binti yule kwa wimbo, legevu, kupe, legevu, kupe, na katibu wa kijiji akamuuliza baba yake hadharani kama nyumba nzima iko hivyo. Alhamisi binti hakuja. Wiki iliyofuata pia.

Nilikwenda kwao. Baba alikuwa zizini. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia bila kugeuka.

"Mura," alisema, kama kijana anavyoitwa kule, "huyo anaamka kabla yangu. Anachota maji, anakamua, ndipo anakuja kwako. Wewe umemwona akikimbia mara moja, ukajua yeye ni nani?"

Nilimwomba anipe ruhusa ya kumpeleka zahanati. Alikubali, nadhani kwa sababu naye alikuwa amemwona akishika kifua.

Mganga alimvuta kope la chini. Ndani yake palikuwa peupe. Akamuuliza juu ya kuchoka, kizunguzungu, na kama bondeni analima peku. Kisha akaniambia ni safura, minyoo inayoingilia nyayoni na kunyonya damu, na kwamba damu ikipungua hivyo hata mlima mdogo unamshinda mtu. Alimpa dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza damu.

"Kipimo chako kilikuwa sawa, Mwalimu," alisema. "Kilionyesha hana pumzi. Kwa nini hana, hiyo hakikukwambia. Hiyo uliitunga."

Nilikuwa nimekwisha kuing'oa ile karatasi, lakini sikuichana. Sijui kuchana kazi niliyoinyoosha hivyo. Tukiwa njiani binti akaiomba. Nikaitoa mfukoni. Aliisoma polepole kama anayesahihisha hesabu, akifuata fungu la tatu kwa kidole.

"Hawa wanane wote wanalima bondeni peku kama mimi," alisema. "Nao wataitwa zahanati?"

Waliitwa. Sita walikuwa na safura.

Muhula uliofuata nilipima tena, asubuhi, mmoja mmoja, baada ya kuwaeleza kila kipimo ni cha nini na kuuliza nani anaumwa. Kila mtoto alipewa kikaratasi chake, matokeo ya kwanza yakiwa kando ya ya pili, bila neno lolote juu yao. Wengine walikikunja na kukificha kama barua.

Yeye alirudi shuleni, makope yameanza kupata rangi. Lakini zamu yake ilipofika alisimama nyuma ya mstari wa chokaa, akanitazama, akatikisa kichwa. Nilimwambia si lazima. Katika daftari nikaweka kistari penye muda wake. Mpaka anamaliza la saba hakukimbia tena mbele yangu, na wenzake, wakiudhika naye, bado walimwita kwa neno ambalo mimi ndiye niliyewapa.