Bi Hapana na Gunia la Vinyota

Karakana nzima ilimwita Bi Hapana, tena mbele yake. Kazi yake ilikuwa kukagua viungo vya chai kabla havijaingia kwenye mashine ya kusagia, na kila gunia lilipofunguliwa neno lake la kwanza lilikuwa hilohilo. Iliki ina vumbi, hapana. Tangawizi imeingia unyevu, hapana. Karakana ilikuwa ya kaka yake. Mnunuzi wa mali alikuwa mke wa kaka yake, na mawifi hao wawili, jamani, hawakupikika chungu kimoja. Hata salamu walipeana kupitia kwa msagaji. "Mwambie nimefika." "Mwambie nimemwona." Msagaji wa watu, kazi yake mashine, akageuzwa tarishi.

Pale karakanani kila gunia hubandikwa karatasi yenye majina mawili ya Kilatini ya mmea wenyewe, maana majina ya sokoni ni vurugu tupu: mmea mmoja una majina matano, na jina moja lina mimea mitano. Bi Hapana alisomea mimea chuoni. Wifi hakuisomea, lakini kichwa chake kilikuwa chepesi, na majina hayo alikuwa ameyashika kwa kuyaona tu ghalani.

Sasa, Bi Hapana alikuwa amejiharibia mwenyewe. Lilikuja gunia la mdalasini lililoandikwa Cinnamomum cassia, na pakiti zao zilisema Cinnamomum verum. Badala ya kusema kwa utulivu kwamba huu ni mdalasini mwingine, ndugu wa ule wa kwanza, tubadilishe maandishi kwenye pakiti, yeye alipiga kelele kama nyumba inaungua. Mashine ikazimwa, wateja wakasubiri, kaka mtu akahaha huku na huku. Mwisho wa yote ikaonekana kwamba ni mdalasini ambao watu wanautia kwenye chai siku zote na hakuna aliyeanguka. Wifi alicheka hadi akashika mbavu. Tangu hapo Bi Hapana akisema hapana, watu wanaangaliana.

Ndipo likaja gunia la vinyota, ile anisi ya nyota, kahawia na ngumu, inayotia chai utamu bila sukari. Bi Hapana alichukua kinyota kimoja, akakivunja, akanusa. Harufu ya anisi ilikuwapo, lakini hafifu, na nyuma yake palikuwa na kitu kingine, kama dawa ya kuchua. Ncha zake zilikuwa zimejikunja. Akainama akasoma karatasi: Illicium anisatum.

"Hili halisagwi," alisema.

"Haya, tumeanza," wifi akajibu, safari hii moja kwa moja, bila tarishi. "Kwa nini tena, mama mkubwa wa hapana?"

"Yetu ni Illicium verum. Hii ni sumu. Inatapisha, inatia mtu degedege."

Kaka alitoka ofisini akifuta uso. "Dada, na mdalasini nao ulisema hivyohivyo."

"Mdalasini sikusema sumu."

"Ulipiga kelele za sumu," alisema kaka, na hapo hakumsingizia.

Wifi akabandua ile karatasi guniani, akaja nayo hadi puani kwa Bi Hapana. "Nisomee. Illicium na Illicium, ni jina moja au si moja? Halafu hapa, anisatum. Anisi! Imeandikwa anisi waziwazi! Hiyo verum yako ndiyo haitaji anisi popote. Na verum si iko pia kwenye pakiti za mdalasini? Basi tuseme mdalasini na hivi vinyota ni mtu na dada yake?"

Wafungashaji wakacheka. Alikuwa na mdomo huyo mwanamke, tusimnyime haki yake.

"Jina la kwanza ni ukoo," Bi Hapana alisema, meno yameumana. "La pili linakwambia ni yupi katika ukoo huo. Verum ni neno la sifa tu, maana yake ya kweli. Linaweza kupewa mimea ya koo mbalimbali, kama watu wawili wasiojuana wanavyoweza kuitwa Mrefu. Ndiyo maana jina la pili peke yake halikwambii udugu. Na anisatum haisemi hii ndiyo anisi. Inasema inafanana na anisi. Inafanana!"

"Lakini ukoo ni mmoja. Umesema mwenyewe."

"Kaka zangu wawili ni ukoo mmoja. Mmoja amekuoa, wa pili akikuona anavuka barabara. Ukoo mmoja haufanyi watu wakawa sawa."

Hapo hakucheka mtu. Wifi alisimama kidogo, macho yamemwiva, kisha akaenda zake kwenye jiko la gesi la pembeni walikokuwa wakionjea chai. Alitumbukiza vinyota kiganja kizima kwenye sufuria, akaacha maji yachemke mpaka yakawa na rangi ya kutu, akamimina kikombe kimoja.

"Nakunywa mbele ya wote," alisema. "Nikimaliza, mume wangu, ama mimi ama huyu dada yako. Chagua."

Bi Hapana aliangalia mvuke ukipanda usoni kwa wifi. Na hapa lazima isemwe kama ilivyokuwa: alifurahi. Mwache anywe. Mwache atapike mbele ya waliocheka, atetemeke pale sakafuni, nao wote wajue nani alikuwa anasema kweli. Hakuhitaji kufanya lolote, ilimtosha kunyamaza. Midomo ya wifi ikagusa kikombe.

Bi Hapana akakipiga kwa kofi. Kikombe kikavunjikia ukutani, na chai ya moto ikamwagikia wifi mkononi, kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko. Ukelele wake ulimfanya msagaji akimbie na ndoo ya maji.

"Toka!" kaka alinguruma. "Toka kwenye karakana yangu! Chuki gani hii? Umemuunguza mke wangu!"

"Natoka. Kwanza mpigie aliyetuuzia. Usimwambie anisi. Msomee majina yote mawili."

"Nampigia ili uaibike, kisha sitaki kukuona." Akapiga, akafungua sauti wote wasikie, akasoma kwa hasira neno moja moja: Illicium. Anisatum.

"Ndiyo, ni mali yangu," muuzaji alisema kwa furaha. "Ya kufukiza nyumba. Yule mama mnunuzi wenu alinitumia picha, akasema anataka vinyota, nikampa. Inanukia vizuri, eeh?"

"Tunatengeneza chai sisi," kaka alisema.

"Bosi," muuzaji alisema, furaha yote imemtoka, "hiyo hainyweki. Niambie hakuna aliyekunywa."

Kaka alikata simu, akavuta gunia mwenyewe hadi nje ya mlango. Aliporudi hakujua amtazame nani. Wafungashaji wakakumbuka kwamba wana kazi.

Wifi alikuwa ameketi, mkono ndoo­ni, uso umemvimba kwa kulia. Bi Hapana alimsogelea, akachuchumaa, akataka kuuangalia ule mkono. Wifi akauvuta.

"Ungeniacha ninywe, ungenishinda vizuri zaidi."

Bi Hapana angeweza kusema neno lolote jema. Mdomo ukamsaliti. "Nilifikiria hivyo."

"Najua," wifi alisema. "Nilikuona."

Bi Hapana hakufukuzwa. Siku hizi akisema hapana, mashine inazimwa hapohapo, na wifi ndiye wa kwanza kuizima. Salamu zinapita kwa msagaji kama zamani. Ila chai yake wifi huitengeneza mwenyewe, na akitoka hata kwa dakika moja, huondoka na kikombe chake.