Utani wa Namba Saba

Kabla ya kurudi chuoni akiwa na miaka arobaini na tatu, alikuwa ameandika kesi mahakamani kwa miaka kumi na tano, ndiyo maana hata kwenye mafunzo yake ya kazi ya utafiti walimwita Karani. Mahakamani neno halipotei. Shahidi akikohoa, unaandika amekohoa.

Sasa aliambiwa kinyume chake. Daktari, mkuu wa utafiti, alimkabidhi visikizio vya masikioni, kompyuta isiyo na mtandao na rekodi kumi za wafanyakazi wa kiwanda cha rangi, waliohojiwa kuhusu afya zao. Kila mmoja alikuwa na namba. Orodha ya majina alikaa nayo Daktari peke yake, kwenye faili lenye nywila.

"Andika yote kwanza," Daktari alimwambia. "Kisha ondoa majina, mitaa, vitengo, watoto, chochote cha kumtambulisha mtu. Muhtasari utoke kwenye nakala iliyosafishwa. Na nyumbani, mdomo zipu."

Nyumbani ndiko kulikokuwa na kazi, maana wifi yake, aliyeishi naye, alifunga makopo kiwandani humohumo.

Namba saba alimteka. Mama mwenye sauti ya mikwaruzo, anayecheka kabla ya kumaliza sentensi. "Mapafu yangu siku hizi duka la rangi," alisema. "Chagua mwenyewe, nikukoholee nyekundu au bluu?" Karani alicheka peke yake mpaka akalazimika kurudisha rekodi nyuma. Akaandika na maneno yaliyofuata: "Kama ninavyowaambia wenzangu kila siku."

Alifuta jina la msimamizi, akafuta kitengo, akafuta idadi ya wajukuu. Kwenye muhtasari alitaka wasomaji wamsikie mtu, si namba, akaweka ule utani neno kwa neno. Daktari aliusoma muhtasari, akatabasamu, akautuma kiwandani kama walivyokubaliana na uongozi wake.

Siku ya tatu simu ya ofisi ililia. Karani akapokea. Aliyepiga alikuwa afisa ustawi wa kiwanda, mtu wa maneno laini.

"Kazi nzuri sana, dada yangu. Huyu wa nyekundu na bluu ametuchekesha kweli. Mwambie Daktari tunashukuru, tutamshughulikia."

"Mtamshughulikia nani?"

"Si huyo mgonjwa wetu," alijibu taratibu, akakata.

Alifungua nakala, akashuka mpaka kwenye utani, na hapo chini yake maneno yale yakamkodolea macho: kama ninavyowaambia wenzangu kila siku. Kiwanda kizima kiliujua utani ule. Alikuwa amefuta jina, akaacha sauti.

Angeweza kunyamaza, hakuna aliyesikia simu ile. Alisimama, akagonga mlango wa Daktari, akaeleza yote bila kujipamba.

Daktari alivua miwani. "Mimi pia niliusoma." Aliwaandikia kiwanda warudishe muhtasari ule, akaripoti tukio kwa kamati ya maadili, kisha akamwomba Karani atoke ili ampigie mhusika. Karani alisimama ukumbini akitazama ukuta. Mlango ulipofunguliwa, Daktari alisema tu kile alichoruhusiwa kusema.

"Ameshaitwa na wakubwa wa kiwanda. Anataka maneno yake yatolewe, yote."

Wakafuta rekodi ya namba saba, nakala yake na akiba zake zote za kompyuta, wakaandika tarehe na saa kwenye daftari la utafiti.

Jioni ile wifi aliweka mkoba chini kabla hata ya kusalimia.

"Wifi, leo kuna bibi mmoja katolewa ndani, kapelekwa kufagia uwanja. Mshahara umepungua. Wanasema kuna watu walimrekodi." Alimtazama. "Si ninyi hao?"

"Siwezi kuzungumzia kazi, wifi yangu."

"Sijakuuliza kazi. Nimekuuliza mtu."

Karani aliendelea kukunja nguo iliyokwisha kukunjwa. Wifi akaingia chumbani kwake na kufunga mlango kwa upole uliouma kuliko kuubamiza.

Kamati iliandika barua kali kwa kiwanda, na kiwanda kikajibu kuwa uhamisho ule ulikuwa wa kawaida. Kwa utafiti, kamati iliagiza kila nukuu isomwe na mtu wa pili mwenye swali moja: nani angemtambua huyu? Karani alibandika swali hilo pembeni ya kioo cha kompyuta.

Wiki iliyofuata ililetwa rekodi ya namba kumi na moja, aliyehojiwa baada ya hayo yote. Alivaa visikizio. Mtafiti aliuliza kuhusu kifua, macho, usingizi.

"Sina tatizo," ilisema sauti ya kijana. "Kazi nzuri. Sina tatizo."

Nyuma ya jibu kilisikika kikohozi kirefu, kikizuiwa kwa kiganja. Karani aliandika: amekohoa. Akairudia rekodi kwa dakika tisa zote, akitafuta cha kuficha. Hakukuwa na chochote.