Salamu za Mama Sophie kwa Mhandisi

Mama Sophie hakuwahi kutaja shida yake kabla ya kumaliza salamu. Aliuliza habari ya mtu, ya mkewe, ya watoto, ya kaka aliyebaki Butembo, ya mvua na ya mihogo, kisha akarudi tena kwa watoto, asije akawa amemruka mmoja. Alifanya hivyo kanisani, sokoni, na hata kwa mtu aliyempigia simu kwa kukosea namba. Waendesha bodaboda wa Bwera walimjua. Zubairi, mmoja wao, akimwona anakuja alizima pikipiki kabisa.

"Mama, ukimaliza kusalimia mpaka magurudumu, uniambie twende."

"Magurudumu nitayafikia," alijibu. "Baba yako mugonjwa, anaendelea namna gani?"

Naye Zubairi, aliyekuwa na haraka, alijikuta anaeleza habari za mguu wa baba yake.

Night alikuwa na duka dogo kwenye barabara ya hospitali, la kuchapa barua na kutuma barua pepe za watu. Kwa miaka mingi tabia ile ilimchosha. Mama Sophie aliingia kutoa nakala ya kitambulisho, akatoka baada ya kujua hali ya ukoo mzima wa Night hadi Kitswamba.

Mama Sophie alikuwa amekimbia kijiji karibu na Beni, Kongo, akavuka mpaka hadi Bwera, mjukuu wake Chérie akiwa mgongoni. Aliuza mafuta ya mawese, akapata kibanda kwenye kilima juu ya mji, na huko wakamchagua mwenyekiti wa kamati ya maji. Hakuwa mtu wa mabomba. Walimchagua kwa sababu haikuwezekana kugombana naye. Hadi salamu ziishe, hasira ya mtu ilikuwa imepoa.

Kisha mvua ya Aprili ilibomoa korongo, likaondoka na bomba lililoleta maji kutoka chemchemi. Wanawake wakaanza kushuka hadi mto Lubiriha, na maji ya mto yalikuwa kama chai ya maziwa. Chérie akashikwa na homa ya matumbo. Mjini Kasese palikuwa na shirika la maji, na mhandisi wake aliitwa Mbusa, mzaliwa wa Butembo. Bohari lake lilikuwa na mabomba. Ila Ijumaa lori lake lingeelekea Bundibugyo na lisingerudi hadi mvua ziishe.

Jumatatu Mama Sophie aliketi dukani akasema barua, na Night akachapa kila neno. Ilianza kwa jina la Bwana, ikapita kwa wazazi wa mhandisi, ikasimulia safari ya kutoka Beni, ikamsifu askofu, ikaomba samahani kwa kumsumbua mtu mkubwa, ikaomba samahani tena kwa kuandika bila kujulikana. Mabomba yalitajwa karibu na mwisho, kati ya samahani nyingine na baraka. Kichwa cha barua alitaka kiwe "Salamu kutoka Bwera."

Jibu lilikuja kesho yake. Mhandisi alishukuru sana kwa salamu. Wazazi wake walikuwa wazima. Alimtakia Mama Sophie amani na wajukuu wengi. Kuhusu bomba, hakuandika neno.

Gidioni, katibu wa kamati, alisoma akasonya. "Amekudharau, mama. Tumwandikie mkubwa wake."

"Hapana. Tumwandikie tena, ndefu kupita ile. Hakuelewa siye ni batu gani."

Night alichukua simu yake akafungua orodha ya barua pepe zake mwenyewe, akamwekea Mama Sophie mbele.

"Ona. Kabla mtu hajafungua anaona haya tu: jina, kichwa, na mwanzo wa mstari wa kwanza. Mhandisi yuko juu ya lori, simu mkononi, na barua zimejaa. Ameona salamu. Amefungua, amekuta salamu. Amejibu salamu. Hakukudharau, mama. Amekujibu ulichoanza nacho."

Mama Sophie alimrudishia simu.

"Sasa nimwambie nini? Leta mabomba, kama polisi? Mutu anaingia nyumba ya batu bila hodi?"

"Hodi utapiga. Mara moja."

"Mara moja," alirudia Mama Sophie, kama mtu aliyeambiwa avae kiatu kimoja.

Wakaanza kukata, naye akapigania kila mstari. Askofu aliondoka kwa shida. Safari ya kutoka Beni ilipofikiwa, alikunja mikono.

"Hii ndiyo maisha yangu, Night."

"Ni maisha yako. Lakini bomba halikuvunjika Beni."

Gidioni alicheka, akatazamwa, akaacha kucheka. Safari ikatoka. Ndipo Night akafika kwenye zile samahani, akasoma moja moja kwa sauti. Mama Sophie alisikiliza, na uso wake ukabadilika taratibu. Mlango ulikuwa wazi, na barabarani wanawake wawili wa kilimani walikuwa wanapanda na madumu ya maji ya mto.

"Toa," alisema.

"Ipi?"

"Zote. Miye namuomba musamaha wa nini? Wa kiu? Tulichimba ule mutaro wa bomba kwa mikono yetu. Heshima nitampa, na aksanti nitampa. Samahani, hapana. Hatukumukosea mutu."

Gidioni alijaribu. "Ataona tuna kiburi, mama."

"Aone. Halafu alete mabomba."

Barua iliyokwenda Jumanne ile, kabla ya saa sita, kichwa chake kilikuwa: "Ombi: mabomba sita kwa Bwera kabla ya Ijumaa." Ndani ilisema hivi:

"Mheshimiwa Mhandisi Mbusa, salamu kwako na nyumba yako. Tunakuomba kwa heshima utupatie mabomba sita ya chuma ya inchi mbili kabla lori lako halijaondoka Ijumaa. Korongo limebomoka likavunja bomba la chemchemi, na watu wa kilima wanakunywa maji ya mto. Watoto wameanza kuugua. Mchanga, mawe na watu wa kazi tunao tayari. Tafadhali tujulishe kama inawezekana, na siku gani. Gidioni, katibu wetu, atapokea gari barabarani. Namba yake iko hapa chini. Tunakushukuru kwa jibu lako la leo asubuhi na kwa kazi yako. Wako kwa heshima, Sophie, mwenyekiti wa kamati ya maji."

Mama Sophie alisomewa mara mbili. "Fupi kama kanzu ya mutoto," alisema. "Lakini imesimama."

Simu ya Gidioni ililia alasiri. Mhandisi aliuliza kama lori linaweza kupanda kilima, au mabomba yabebwe kutoka barabarani. Angefika Alhamisi. Gidioni alikuwa anajibu kwa furaha pale Mama Sophie alipomnyang'anya simu.

"Mbusa, mwanangu. Mama yako anaendelea? Na baba? Na mvua ya Butembo?"

Gidioni alishika kichwa. Night alisubiri mhandisi akate, lakini hakukata. Walizungumza mpaka salio la mhandisi likaisha.

"Umeona?" alisema Mama Sophie akirudisha simu. "Salamu zangu sikuzitupa. Nilimuwekea."

Alhamisi mabomba yalifika, yakapandishwa mabegani, na Jumapili maji yakatoka. Chérie akapona.

Mwaka uliofuata Mama Sophie alilazwa hospitalini kwa ajili ya moyo. Night alifunga duka mchana akaenda kumwona. Sauti yake ilikuwa imepungua, na Night, akiogopa kwamba pumzi haitatosha, alimwinamia akamwambia aanze na ombi: maji, nguo, padri, au Chérie aitwe.

Mama Sophie alitikisa kichwa. Akauliza habari ya mama yake Night, ya watoto, ya shangazi wa Kitswamba, ya mihogo. Alipumzika, akarudi kwa watoto. Night alijibu yote, huku akingoja kinachofuata. Mwishowe akauliza tena, kwa upole, alikuwa anataka nini.

"Acha haraka, Night. Leo siko na ombi. Nakusalimia tu."