Saa ya Mkononi na Ubao wa Ndjili

Ukimuuliza Bibiane alisoma mpaka wapi, atakujibu darasa la sita, kisha atainamia kazi yake. Hatakuambia kwamba huu ni mwaka wa tatu anapiga deki katika ofisi ya tiketi za ndege mjini Likasi. Wasafiri wakielezwa karatasi zao, yeye hufuta meza polepole, masikio wazi. Ndivyo alivyojua kwamba FBM ni Lubumbashi, FIH ni Kinshasa, na FKI ni Kisangani.

Jumamosi moja mchana alikuwa nyumbani, mtaa wa Shituru, akimnyonyesha mwanawe Carmel, simu ikaleta picha mbili, ya ubao wa safari na ya kipande cha kuingilia ndegeni, pamoja na sauti ya mama mkwe wake, Mama Kabedi. Mama huyo alikuwa ameondoka Lubumbashi asubuhi. Kinshasa, kwenye uwanja wa Ndjili, angebadili ndege aende Kisangani, maana kesho yake binti yake Laure anaweka nadhiri za daima za utawa. Ndege nyingine ya kumfikisha ni ya Jumatano.

"Mama Carmel, bananiacha," sauti ilisema. "Ndege ni ya 14:10, na saa yangu inaonyesha 14:22. Hapa ku mulango akuna muntu. Miye natoka, niende mutaa wa Masina kwa kaka yangu."

Shemeji yake Hervé, mwalimu, ndugu wa mumewe, alikuwa amekuja kula. Aliangalia picha ya ubao, akaona Kisangani 14:10. Akaangalia simu yake, 14:24. Akasema mambo yamekwisha, akaanza kutafuta namba ya mjomba wa Masina.

Bibiane alimhamishia mtoto begani, akaikuza picha kwa vidole viwili. Alianza na kipande cha karatasi. FBM, kisha FIH: hicho ni cha safari ya asubuhi, kazi yake imekwisha. Akahamia ubaoni, akafuata mstari wa Kisangani kwa ukucha. Ndege 318. Saa 14:10. Mlango 4. Mwishoni, kwa Kifaransa, kwamba abiria wanaingia. Ndege iliyokwisha kuruka haiiti watu. Akapanda mpaka pembe ya juu ya ubao, kwenye tarakimu ndogo nyeupe: 13:21.

Akacheka kidogo, akapiga simu.

"Mama, usitoke. Ukivuka polisi, habatakurudisha. Saa yenye iko ku mukono wako ni ya Lubumbashi. Kinshasa banabakia nyuma saa moja."

Hervé akaitazama simu yake kana kwamba ndiyo iliyomdanganya. Kumbe ilikuwa ikisema kweli, ila kweli ya Likasi.

Bibiane akaomba kipande cha pili. Kilipofika kilikuwa ndicho: FIH, FKI, 318, kiti 17C, kuingia 13:20, mlango 2.

"Si niko ku mulango mbili!" Mama Kabedi akasema. "Na karatasi inasema mbili."

Hervé akapata nguvu. Karatasi ni hati, alisema. Ubao ni taa tu, na mtu haachi hati akafuata taa. "Weye, mama wa deki, leo unapanga ndege?"

Mama Kabedi aliyasikia. Akaanza kusitasita, kwa maana mwalimu ni mwalimu.

"Karatasi ilichapwa asubuhi Lubumbashi," Bibiane akasema, bila kupandisha sauti. "Ubao unaandikwa sasa. Vikigombana, tunafuata ubao. Mama, rudia kuupiga picha, tuone kama umegeuka."

Picha mpya ikaja. Pembeni 13:29. Kisangani, 318, mlango 4, abiria wanaingia. Bibiane akamwambia asiitafute 17C kwenye milango, hicho ni kiti cha ndani. Atafute nne, na akifika aulize wa mwisho kwenye mstari kama anakwenda Kisangani.

Simu ikakatika. Carmel akalala. Hervé alikuwa akizungusha kijiko katika sahani tupu. Bibiane alikuwa akimwona akilini mama yule akiburuta sanduku lenye kitenge cha sherehe.

Kisha sauti ikaja, na nyuma yake watu wanasukumana na mizigo.

"Niko ndani. Mustari ulikuwa murefu, na masista wawili mbele yangu. Nimekaa 17C. Mama Carmel, nirudishe saa yangu nyuma kabla hatujaruka?"

Bibiane alifikiri kidogo, akabonyeza kujibu.

"Uache vile iko, Mama. Kisangani banafuata saa yetu. Usikose kesho misa ya Laure."