Mabati Ishirini ya Zabron

Mimi ndiye niliyeliezua paa la Zabron. Sikupanda ngazi wala sikushika nyundo, niliandika tu. Wapo wanaonipa pole kwa yaliyotokea, na huwa nawakatalia, maana pole ile haikuwa yangu.

Naitwa Fausta, fundi cherehani hapa kijijini kwetu, kata ya Ndalambo. Kamati ya ujenzi wa nyumba ya muuguzi ilinichagua katibu kwa sababu ya mwandiko, na sifichi, nilijivuna. Makatibu wengine huandika "wajumbe walichangia mawazo" wakafunga daftari. Mimi niliandika nani kasema nini, nani kaahidi nini na nani atakwenda kukusanya. Nilidhani huo ndio ukweli wote.

Zabron alikuwa mtu mfupi, mkimya, mkulima wa ufuta na mfyatua matofali. Bati za nyumba yake alizinunua Tunduma mbilimbili, kila alipouza ufuta, akizileta juu ya malori ya mahindi. Ilimchukua miaka saba. Yeye na mkewe Enesi walilala chini ya nyasi huku mabati yamesimama ukutani yakisubiri wenzao. Kijiji kizima kilikuwa kikiifuatilia hesabu hiyo. Ukikutana naye njiani unamuuliza, "Umefika mangapi?" naye anakujibu kwa uzito kabisa, "Kumi na sita." Yalipotimia ishirini aliezeka, na jioni hiyo alikaa nje kwenye kigoda akiliangalia paa mpaka chakula kikapoa.

Sasa kikao cha Oktoba. Bajeti ilitaka mabati sitini na manne, na mpaka tunafika ajenda ya nne, ahadi za wanakijiji, tulikuwa na arobaini na manne tu. Mwenyekiti wetu, mzee Yonasi, akauliza ishirini yaliyobaki yatatoka wapi. Hapo akainuka Abrahamu, mwenye mashine ya kusaga, kaka yake Enesi.

"Andika, katibu! Mlamu wangu Zabron, mabati ishirini!"

Tulicheka mpaka mwenyekiti akavua miwani kufuta machozi. Mlamu na mlamu hapa kwetu hutaniana hata msibani, hakuna anayekasirika. Zabron mwenyewe hakuwapo. Mzee Yonasi akasema, "Haya, iandikwe," bado anacheka. Nami, kwa ule ufundi wangu, nikaandika.

*4.7 Nd. Zabron – mabati 20. Mkusanyaji: Nd. Abrahamu.*

Kicheko sikukiandika. Muhtasari hauna mahali pa kicheko.

Kikao kilichofuata, Abrahamu alikuwa amekwenda kuzika upande wa Zambia. Nikasoma muhtasari kuanzia kufungua hadi kufunga. Mwenyekiti akauliza nani anathibitisha. Clement, mhazini wetu, akanyoosha mkono huku akitafuta chaji ya simu, mwingine akaunga mkono, mwenyekiti nami tukatia saini kila ukurasa. Wote tulisikia namba 4.7 ikipita. Hakuna aliyesema kitu. Kila mmoja alidhani mwenzake atasema kwamba ulikuwa utani.

Kisha nikaandika barua za kukumbusha ahadi, thelathini na moja, kutoka kwenye daftari, na zote zikapigwa muhuri wa kijiji. Mkono uliniuma. Jina la Zabron nililiandika kama nilivyoyaandika mengine.

Siku ya kukusanya, mwisho wa Novemba, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Nilimkuta Abrahamu amekodi guta, baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, nikampa orodha yake. Akaisoma, akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Dada Fausta, hili uliliandika kweli?"

"Wewe si ulisema niandike?"

"Na barua ilikwenda?"

"Ilikwenda. Ina muhuri."

Tukaenda kwa Zabron kwanza.

Nyumba tuliiona kwa mbali na sikuamini macho yangu. Ilibaki kuta na mbao. Mabati ishirini yalikuwa yamepangwa uani, yamefutwa tope, misumari iliyonyooshwa imewekwa kwenye kopo pembeni. Godoro lilikuwa limeanikwa kwenye kichaka cha mbaazi, linachuruzika maji. Enesi alitoka chini ya turubai la kuanikia ufuta, khanga imeloa hadi kiunoni, akampigia kaka yake magoti kama kawaida.

"Karibuni, kaka. Mmekuja kuchukua?"

Abrahamu, mwanamume mzima, alikaa chini kwenye tope. Ni nyumba ya dada yake ile, wa tumbo moja.

Zabron alitokea nyuma akiwa na barua yangu ndani ya mfuko wa nailoni. "Katibu, hesabu mwenyewe," akasema. "Usije ukaandika pungufu."

Nilitaka kumwambia. Wallahi nilitaka, ingawa mimi ni Mkristo. Lakini nitasemaje? Kwamba tulicheka? Nikamwambia asubiri, kamati itatuma fundi kuyakagua kwanza. Nikaondoka karibu nakimbia, guta tupu likinifuata.

Jioni ile ile tuliitisha kikao cha dharura, akidi ikatimia. Mzee Yonasi alinikaripia, nami nikamuuliza saini iliyo chini ya ukurasa ni ya nani. Akalifunga daftari. Clement ndiye aliyeleta njia. Ramani inataka bati za geji ishirini na nane, na za Zabron ni geji thelathini, nyembamba. Basi tuandike kwamba ahadi imepokelewa kwa shukrani, ila fundi amezikataa kwa sababu ya geji, zirudishwe. Abrahamu akasema ishirini nene atanunua yeye, na mafundi wa kumwezekea mlamu wake atawalipa yeye. Tulipumua. Tulijiona tuna akili na tuna huruma.

Jumamosi tulimwalika Zabron. Alikuja na koti lake la kanisani, lina ukungu mabegani, akakaa benchi la mbele. Hajawahi kukaa mbele. Nikasoma yatokanayo na kikao kilichopita kwa sauti nzuri kabisa.

"Namba 4.7. Ahadi ya Ndugu Zabron ilitimizwa kikamilifu. Kamati inamshukuru. Hata hivyo, kutokana na geji..."

Alinyoosha mkono. Mwenyekiti akamruhusu.

"Naomba kurekebisha muhtasari," akasema. Hakupaza sauti. "Mimi sikuahidi. Aliahidi mlamu, mkacheka. Enesi aliambiwa siku ile ile kisimani."

Abrahamu aliinamisha kichwa mpaka nikaona kisogo chake.

"Ulijua?" mzee Yonasi akauliza. "Sasa kwa nini uliezua, ndugu yangu? Ungekuja tu kusema ni utani!"

"Ningekuja na barua mkononi niseme sina uwezo, mngecheka mara ya pili." Akageuka, akanitazama mimi, si wao. "Nikasema ngoja niyashushe. Labda yakiwa chini hawatacheka."

Kisha akakaa, akakunja mikono, akisubiri. Nilikuwa sijaelewa anasubiri nini, kalamu iko hewani.

"Andika, katibu," akasema. "Wewe si huwa unaandika yote?"

Nikaandika. Mwandiko ule waliouchagua ukawa kama wa mtoto wa darasa la kwanza. Niliandika kwamba hakuahidi, kwamba hakuulizwa, na kwamba wajumbe walicheka. Nikaorodhesha waliocheka, majina kumi na moja, na la kwanza nikaweka langu. Kikao kilichofuata nikausoma muhtasari wote kwa sauti, na mwenyekiti alipouliza nani anathibitisha, mikono ilichelewa sana kunyanyuka.