Mwalimu Mwaija na Kile cha Kupandia

Chumba cha darasa la tano pale Kang'ata tulikijenga wenyewe. Baba zetu walifyatua matofali, mama zetu walibeba maji, na sisi watoto wa darasa la nne tulikanyaga udongo kwa miguu mpaka magoti yakauma. Ilikuwa mwaka wa sitini na tano, uhuru bado mbichi, na kila mtu alitaka kuonekana anajenga taifa. Chumba kikaisha, kikaezekwa bati. Kikakaa kitupu.

Sababu ilikuwa moja. Wakati ule kuanzia darasa la tano masomo yalikuwa kwa Kiingereza, na ofisi ya elimu ilisema haifungui darasa mpaka shule iwe na mwalimu aliyefaulu mtihani wa kukizungumza. Mwalimu tuliyekuwa naye wa kupeleka alikuwa mmoja, Mwalimu Mwaija, mke wa Salimu. Asipofaulu, sisi tungeishia la nne. Aliyekuwa na ndugu Handeni mjini angepelekwa huko. Mimi sikuwa na ndugu Handeni.

Akaenda Korogwe kwa lori la mahindi, akarudi siku ya tatu. Tulimpokea njiani, "Shikamoo mwalimu, shikamoo mwalimu," tukamnyang'anya kikapu. Akapita moja kwa moja hadi kwake. Usiku ule hatukujua yaliyompata, lakini yeye mwenyewe alikuja kunisimulia nikiwa mtu mzima, na alisimulia mara nyingi, kwa hiyo nayajua maneno yake kama ya kwangu.

Alisema chumba cha mtihani kilikuwa na dirisha moja, na dirisha lilikuwa nyuma ya mtahini, mama wa Kizungu aliyekuwa nchini mwezi wa pili tu, Kiswahili hajui. Pembeni alikaa Mwalimu Semboja, Msambaa, kazi yake kuandika alama. Yeye Kiswahili anakijua, lakini haruhusiwi kufungua mdomo. Mama akamwonyesha picha ya mafundi wanajenga nyumba, akamwambia aieleze. Mwaija akaanza vizuri. Huyu anachanganya udongo, yule amebeba tofali. Akafika kwa fundi aliyesimama juu ya ngazi. Neno la Kiingereza la ngazi likamtoka kichwani.

"Likatoka kama kuku mlango ukiwa wazi," alikuwa akisema.

Akanyamaza. Ndivyo tulivyofundishwa sote: mtoto asiyejua jibu ainamishe kichwa, kuliko kusema ovyo mbele ya mkubwa. Ilikuwa ndiyo adabu. Mama akauliza swali jingine, Mwaija bado analitafuta lile neno. Akauliza la tatu. Dakika zote zilizobaki akaziinamia meza, jasho linamshuka mgongoni, mlango uko hatua nne na hawezi kuufikia. Kilichoandikwa kilikuwa kifupi: hakuzungumza.

Nafasi ilibaki moja, baada ya mfungo wa Ramadhani. Ya tatu haipo.

Mbwana, mwenyekiti wa kamati ya shule, alikuwa mtu wa mzaha, lakini mzaha wake ulichoma. Akipita asubuhi anasema, "Mwalimu, mbuzi wamekwishaanza la tano. Nimewakuta wanne, wamekaa mstari." Watu wanacheka. Mwaija naye anacheka, akifika ndani analia. Kila njia aliyopita, kile chumba kilikuwa mbele yake.

Ofisi ikamletea mwenzake wa kumsaidia madarasa ya chini, Raheli, binti wa Kikristo kutoka Vugiri, Kiingereza chake kizuri, ila cheti cha ualimu bado hana, kwa hiyo mtihani haruhusiwi. Akapangiwa chumba kwa akina Mwaija. Jioni wanakaa wanafanya mazoezi, na kila neno likipotea Mwaija anainama vilevile.

"Sema chochote, shoga!"

"Nitasemaje nisichokijua?"

Sasa, baba mkwe wake Mwaija aliitwa Mzee Shoka. Na katika nyumba ile mke wa mtoto halitamki jina la baba mkwe, hata likiwa jina la chombo. Miaka sita Mwaija hakuwahi kusema shoka. Siku moja Raheli anapepeta mahindi uani, akamsikia anamwambia wifi yake mdogo, Chausiku, "Mwanangu, niletee kile chenye mpini, cha kuangushia mti."

Chausiku, mtundu yule, akaleta panga.

"Siyo hicho. Hicho ni chembamba. Kile kizito, kichwa chake chuma, mpini umepita katikati. Kimeegemea chungu cha maji."

Kikaletwa. Raheli akaweka ungo chini.

"Mwaija, umefanya nini hapo?"

"Nimeomba cha kupasulia kuni."

"Na jina hukulitaja. Na umekipata. Mbona hapa hukuinama?"

Mwaija akabaki amekishika. Alisema hakuwahi kudhani kwamba ile heshima ya mkwe nayo ni ufundi. Kuanzia siku ile Raheli akawa anamwekea mwiko. "Leo kijiko ni mkweo. Nieleze kwa Kiingereza, jina usitaje." Kwanza useme ni kitu cha namna gani, halafu umbo lake, halafu kazi yake na mahali kinapokaa. Na Kiswahili usitie hata neno moja, maana mama yule hatalielewa. Uani kukawa vicheko, mpaka Mzee Shoka akauliza kama mkwewe na mwenzake wamepata wazimu.

Baada ya Idi akaenda tena. Mimi na mama yangu tulimsomea dua.

Chumba kilekile, mama yuleyule, Semboja yuleyule. Safari hii hapakuwa na picha. Mama akamwambia, nieleze shule yako. Akaeleza matofali, maji, miguu yetu katika udongo. Akafika kwenye kuezeka, na hapo, Mungu wangu, ngazi ikamkimbia tena. Raheli alikuwa amemtajia lile neno mara mia. Akaona meza inamwita ainame. Akamtazama Semboja, Semboja akatazama karatasi.

"Wanaume walipanda juu," akasema kwa Kiingereza chake, "kwa... nimesahau jina lake. Ni kitu cha mbao."

"Meza?" akauliza mama.

"Hapana, si meza. Kirefu. Miti miwili mirefu, na katikati vijiti vifupi vingi. Unakiegemeza ukutani. Unaweka mguu hapa, halafu hapa, unafika kwenye bati."

Mama akalitaja neno, anacheka. Mwaija akalidaka palepale: "Ndiyo! Ngazi yetu ilikuwa moja, wanaume wakagombana." Misumari nayo ikampotea, akaieleza vilevile. Halafu akamgeuzia mama swali: kwao, mwanamke anaruhusiwa kupanda juu ya nyumba? Mama akaeleza mengi, mpaka Semboja akagonga meza kwamba muda umekwisha.

Semboja alimfuata nje. "Kwenye maneno amekukata alama, nisikufiche. Kuendeleza mazungumzo amekupa karibu zote. Zikijumlishwa umepita, mwanangu, kwa unywele."

Mbuzi walitolewa, chumba kikafagiwa. Siku ya kwanza ya la tano, Mwalimu Mwaija alinisimamisha, akaniuliza kwa Kiingereza baba yangu anafanya kazi gani. Baba alikuwa mfua chuma. Neno sikuwa nalo. Nikainamisha kichwa.

Akasubiri. Nikadhani ataniambia nikae.

"Inua uso," akasema. "Ana nini mkononi, baba yako?"

"Moto," nikasema kwa Kiingereza. "Ana moto. Na... anapiga."

"Anapiga nini? Endelea."

Nikaendelea.