Akaunti ya Kaka kwenye Seva ya Ikwiriri

Mimi ni mbishi tangu utotoni, lakini ubishi wangu haujaniumiza kama wiki ile niliyokabidhiwa seva.

Intaneti ndiyo kwanza ilikuwa imeingia kwetu. Kituo cha jamii pale Ikwiriri kilikuwa na seva moja, na ndani yake barua za watu wa delta: mtoto yuko Dar, mama yuko Mbwera, sisi tunaichapa barua na mashua inaipeleka. Mtunzaji wake alikuwa mtu wa Mbwera niliyemwita Kaka, ingawa hatukuzaliwa tumbo moja. Figo zilikuwa zinammaliza. Siku ya kunikabidhi alikuja miguu imevimba, viatu kavishika mkononi.

Alinilazimisha nirudishe nakala ya akiba ya seva kwenye kompyuta kuukuu mpaka barua zikafunguka. "Nakala hujaijaribu, utaapaje kuwa unayo?" Mipangilio yote alikuwa ameiandika kwenye daftari. Neno la siri kuu nililibadilisha mwenyewe, nikalitia kwenye bahasha, katibu wa kituo akaifungia kabatini. Diski za nakala zilikuwa mbili, moja ofisini, moja nyumbani kwa katibu, zibadilishane kila Ijumaa.

"Haya, sasa funga akaunti yangu."

Loo! Kwetu humnyang'anyi mkubwa wako ufunguo angali anapumua; ni kumchulia kifo. Nikamwambia nimefunga. Uongo mtupu.

Kesho yake akakaa kwenye kompyuta, akaandika jina lake, akaingia. Alinigeukia macho yamejaa machozi. "Mdogo wangu, bado hujapokea. Unataka nife na funguo za watu?"

Nikaifunga huku nalia kwa sauti. Akajaribu tena, mashine ikamkataa, akasema alhamdulillahi. Aliomba daftari, akaongeza maneno ukurasa wa mwisho. Sikuyasoma, nilikuwa nimemnunia. Akapanda mashua kwenda kwao.

Ijumaa haikumkuta. Nilikwenda msibani nikakaa mpaka hitima, na Ijumaa mbili zikapita diski hazijabadilishwa. Mvua ikaja na radi, ikaunguza seva pamoja na diski ya ofisini, ambayo mimi mjinga niliiacha imechomekwa. Ikabaki ile ya kwa katibu, ya kabla ya makabidhiano.

Tulipopata kompyuta nyingine nilirudisha nakala nikifuata daftari, hatua kwa hatua. Barua za kina mama zikarudi, isipokuwa zile za siku za mwisho. Nikafika ukurasa wa mwisho, penye maneno aliyoongeza:

"Ukirudisha nakala ya kabla ya leo, neno la siri la zamani litarudi, na akaunti yangu itarudi wazi. Usinionee haya. Nifungie tena."

Nikafungua orodha. Jina lake lilikuwapo, wazi, kama la mtu mzima wa afya. Nilibadilisha kwanza neno la siri kuu. Jina lake nikaliangalia mpaka adhana ya adhuhuri, kisha nikamfungia.